Shajara ya hotuba ya shukrani: mwaka mmoja wa chaneli yetu ya mwalo

Chaneli yetu inaonyesha maisha ya mwalo mmoja wa Kigoma mjini: dagaa, migebuka, boti, taa, bei, na akina mama wa kuanika. Video ya kwanza ilitoka Septemba 2024, wiki chache baada ya Ziwa Tanganyika kufunguliwa katikati ya Agosti kufuatia miezi mitatu ya kupumzisha uvuvi. Mwaka ukitimia tunataka kusema asante kwa watazamaji, kwa waliojitolea, na kwa viongozi waliotuongoza. Mimi ndiye mwandishi wa maneno kwenye timu, kwa hiyo hotuba imeniangukia. Naandika hatua zake hapa ili timu nyingine ndogo ikitaka kufanya kitu kama hiki ijue tulipokwama na pesa zilikokwenda.

9 Agosti 2025: Tarehe, msemaji, mahali

Tarehe tumeipata kwa kuangalia mwezi. Uvuvi wa dagaa huku ni wa taa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali taa hazivuti samaki, kwa hiyo boti nyingi zinapumzika. Leo mwezi ni mpevu na mwalo umejaa wanaume wanaoshona nyavu na kucheza bao. Mwezi mpevu unaofuata ni Jumapili tarehe 7 Septemba. Sherehe tumeiweka Jumamosi ya tarehe 6, saa nane mchana, kwenye ukumbi wa shule ya msingi iliyo jirani. Tungefuata tarehe kamili ya video ya kwanza, nusu ya tunaowashukuru wangekuwa wamelala baada ya kukesha ziwani.

Msemaji amezua mjadala kidogo. Mratibu wetu ndiye kiongozi wa timu, lakini watazamaji hawamjui. Wanayemjua ni dada anayeshika kamera, kwa kuwa sauti yake ndiyo inayouliza maswali kwenye kila video. Tumekubaliana hotuba aisome yeye.

16 Agosti: Rasimu ya kwanza, na itifaki iliyokula muda

Rasimu ya kwanza niliiandika kama hotuba zote tulizokulia nazo. Ilianza hivi, na BMU humo ni kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi cha mwalo:

> "Ndugu mgeni rasmi, mtendaji wa kata yetu, ndugu mwenyekiti wa serikali ya mtaa, ndugu mwenyekiti wa BMU na kamati yako, ndugu mwalimu mkuu, mwenyeji wetu, waheshimiwa viongozi wa dini, wazee wetu wa mwalo, wageni waalikwa, wavuvi, akina mama wachakataji, vijana, mabibi na mabwana, itifaki imezingatiwa…"

Dada wa kamera aliisoma kwa sauti, mratibu akishika saa ya simu. Kufika kwenye neno la kwanza la shukrani ilikuwa imepita karibu dakika moja na nusu, kwa sababu kila cheo kilifuatwa na sentensi ya kumsifu mwenye cheo. Hotuba nzima ilivuka dakika kumi na moja.

Tukafungua takwimu za video zetu za zamani, kile kielelezo kinachoonyesha watu wanaondoka sekunde ya ngapi. Kwenye kila video ambayo tulianza kwa utambulisho mrefu mstari unaporomoka papo hapo, na unatulia pale samaki wanapoonekana. Mtazamaji wa Uvira au Bujumbura hana sababu ya kumsubiri mwalimu mkuu atambulishwe. Lakini ukumbini ukiruka itifaki utakuwa umewavunjia watu heshima mbele ya majirani zao, na watakuambia.

Tulijaribu njia ya kati: itifaki fupi, majina matatu tu. Hiyo ndiyo ilikuwa mbaya kuliko zote. Ukitaja watatu, wa nne anajua ameachwa. Ama uwataje wote kwa mpangilio wao, ama useme itifaki imezingatiwa na usitaje yeyote.

19 Agosti: Hotuba mbili badala ya moja

Uamuzi: shukrani ni zile zile, hotuba ni mbili.

Ya ukumbini inasomwa na mratibu, ina itifaki kamili, viongozi wanashukuriwa kwanza, kisha waliojitolea, kisha watazamaji. Dakika sita zisivuke. Ya video inasomwa na dada wa kamera, haina itifaki, na mpangilio umegeuzwa: watazamaji, waliojitolea, viongozi. Dakika nne zisivuke.

Kwa anayetaka kupima yake: msomaji wetu akisoma kwa utulivu anamaliza maneno 110 hivi kwa dakika. Maneno ya Kiswahili ni marefu, kwa hiyo usichukue kipimo cha lugha nyingine. Dakika nne ni maneno 440, na ukitoa vituo vya kuvuta pumzi unabaki na 400.

Nilihofia viongozi wataona vibaya kuwekwa mwisho kwenye video. Nikampelekea rasimu mzee wetu, mtangazaji mstaafu wa redio ambaye ametusahihisha mwaka mzima bila kulipwa hata nauli. Hakujali mpangilio hata kidogo. Alichora mstari chini ya kila sentensi iliyokuwa na "mchango mkubwa", "ushirikiano wa dhati" na "kwa hali na mali", akaandika pembeni swali lile lile: alifanya nini? Karatasi ilirudi ikiwa imechafuka kweli. Mfano mmoja:

Kabla: "Tunaishukuru kamati ya BMU kwa ushirikiano wake mkubwa na wa dhati iliotupatia kwa kipindi chote."

Baada: "Kamati ya BMU, mlituruhusu kusimama na kamera kwenye mizani tangu siku ya kwanza, wakati wanunuzi walidhani sisi ni watu wa kodi. Mwenyekiti alisimama nasi mpaka wakazoea."

Ya pili ni ndefu zaidi kwa maneno, ila haiwezi kusomwa kwenye sherehe ya mtu mwingine. Tangu hapo kila sentensi ya shukrani nimeipima hivyo: nikibadilisha jina na ikaendelea kufaa, naifuta.

23 Agosti: Waliojitolea

Hii ndiyo sehemu niliyodhani ni rahisi. Kumbukumbu za timu zilitaja waliokaa kwenye vikao. Waliofanya kazi bila kukaa vikaoni hawamo: nahodha aliyetupakia bure usiku, mama aliyetuchajia betri kwenye sola ya duka lake, kijana aliyebeba taa.

Njia iliyofanya kazi ni kupitia mafaili yenyewe. Tulifungua folda za kila video, tukasikiliza mwanzo na mwisho wa picha ghafi, zile sehemu ambazo huwa tunazikata. Huko ndiko watu wanaitana: "shika hii", "sogeza mtumbwi", "mama, betri imejaa?" Orodha ikakaribia kuwa maradufu. Ushauri: usifute picha ghafi kabla ya hotuba.

Kisha tukaomba ruhusa, mmoja mmoja, ya kutaja jina kwenye video. Ukumbini kila mtu anajuana. Mtandaoni jina linabaki. Wengi walifurahi. Mwanafunzi wa sekondari aliyetuandikia maandishi ya chini ya video hajafika miaka kumi na minane, kwa hiyo tulimuuliza mama yake pia. Amekubali jina la kwanza, shule isitajwe. Na mfanyabiashara mmoja wa dagaa alikataa kabisa. Sababu yake: watu wakisikia ametajwa watasema analipwa na chaneli, na wadai wataongezeka mlangoni. Tumeheshimu.

Kilichotuletea ugomvi ni pesa. Rasimu ya pili ilikuwa na orodha ya waliochangia, mwenye kiasi kikubwa juu. Ilipozunguka kwenye kundi la timu, manung'uniko yakaanza usiku huo huo. Aliyetoa elfu hamsini mara moja yuko juu ya aliyetoa petroli ya injini mara nyingi bila kuiandika popote. Nani amehesabu petroli? Tumeondoa viasi vyote. Sasa kila mtu anatajwa kwa kitu kilichofanyika kutokana na mkono wake, awe ametoa pesa, betri au mgongo wake.

29 Agosti: Viongozi, na kampeni zilizoanza jana

Kampeni za uchaguzi mkuu zilifunguliwa jana, tarehe 28. Kura ni tarehe 29 Oktoba. Sherehe yetu imeangukia katikati, na hilo hatukuliwaza tulipokuwa tunaangalia mwezi.

Aliyekuwa diwani wetu ni mmoja wa watu waliotusaidia kweli. Alitufungulia mlango wa ofisi ya kata tulipokuwa hatujulikani. Sasa anagombea tena. Ukimtaja kwa jina kwenye video wiki ya pili ya kampeni, hata kama unasema kweli tupu, kipande cha sekunde kumi kitakatwa na kuzunguka kwenye simu kama tangazo lake. Na wapinzani wake ni watazamaji wetu pia, mmoja wao ni jirani wa mratibu.

Tulijadili kumtaja pamoja na kuwapa wagombea wengine salamu. Haikukaa sawa, kwani kuwashukuru watu ambao hawakufanya kitu ni kuharibu shukrani ya waliofanya. Tulijadili pia kusogeza sherehe hadi Novemba, lakini wavuvi tayari wamejipanga. Tulichoamua ni hiki: kwenye video na ukumbini tunamshukuru mtu aliye ofisini kama mtumishi au kiongozi wa mwalo, na hatumtaji yeyote anayegombea. Mratibu alimfuata mgombea nyumbani, akampa barua ya shukrani iliyopigwa muhuri wa timu, akamweleza sababu. Alielewa. Alicheka kwamba angalau barua haina picha ya mtu mwingine. Pia tumeomba mavazi ya vyama yasiingie ukumbini, na mwaliko umeandikwa hivyo waziwazi.

Jambo la pili la viongozi lilikuwa jepesi zaidi lakini lingeweza kutuaibisha. Mwenyekiti wa mtaa aliyetuandikia barua ya utambulisho Septemba mwaka jana si huyu wa sasa. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024, akaingia mwingine. Rasimu ilisema "mwenyekiti wetu wa mtaa alituandikia barua", na aliyeketi meza kuu angepigiwa makofi kwa barua ya mtangulizi wake huku mtangulizi mwenyewe akiwa safu ya tatu. Sasa wako wawili, kila mmoja na lake: wa kwanza aliandika barua, wa sasa alituruhusu kutumia ofisi ya mtaa mvua zilipoharibu kibanda chetu. Hakuna hata mmoja kati yao anayegombea mwaka huu, nimehakikisha.

Kama chaneli yenu inatimiza mwaka karibu na uchaguzi wowote, anzeni na kalenda hiyo kabla ya kuandika salamu.

31 Agosti: Kurekodi ya video

Mahali pa kwanza palikuwa ufukweni, boti nyuma, saa tisa alasiri. Picha nzuri sana. Sauti haifai kitu. Mchana upepo unavuma kutoka ziwani moja kwa moja kwenye maiki ya kifuani, na sifongo ile nyeusi inayokuja na maiki haizuii chochote nje ya nyumba. Utaujua upepo wa namna hii ukivaa vipokea sauti: ni mgurumo wa chini unaopanda na kushuka, na ukikata sauti nzito kwenye kompyuta maneno yenyewe yanabaki mepesi na makavu. Hayaponi.

Tukahamia darasani. Upepo ukaisha, mwangwi ukaanza, maana kuta ni tupu na bati liko juu. Mama wa duka akaleta vitenge na mablanketi, tukatundika mawili nyuma ya kamera na moja upande wa madirisha, jingine tukatandika sakafuni. Ukipiga kofi moja na usisikie mlio ukirudi, chumba kiko tayari.

Hatimaye tulichanganya. Asubuhi kabla ya saa moja ziwa huwa limetulia, kwa hiyo sehemu ya watazamaji imerekodiwa ufukweni saa kumi na mbili na nusu, na maiki imevishwa manyoya yaliyokatwa kwenye mdoli wa zamani na kushonwa. Shilingi sifuri, na yamefanya kazi kuliko sifongo. Sehemu mbili nyingine ni za darasani.

Tatizo la mwisho lilikuwa macho. Karatasi ikiwa chini, anaonekana amelala. Ikiwa pembeni ya kamera, anaonekana anamwogopa mtu. Tulibandika maneno kwenye ubao wa boksi chini kabisa ya lenzi, herufi kubwa, sentensi moja kwa kila mstari, na msomaji akasogea mbali na kamera hatua nne. Ukiwa mbali kidogo, jicho likishuka kusoma halionekani.

3 Septemba: Sauti, maandishi, sura

Sauti ya ufukweni iko chini kuliko ya darasani, na mtazamaji angepandisha na kushusha simu. YouTube hushusha sauti iliyo juu mno, lakini iliyo chini huwa inaiacha ilivyo, kwa hiyo isawazishe mwenyewe kabla ya kupandisha. Sisi tulitumia hii kwa kila kipande:

```
ffmpeg -i ufukweni.wav -af loudnorm=I=-14:TP=-1.5:LRA=11 -ar 48000 ufukweni-sawa.wav
```

Maandishi ya chini tuliyaandika kwa mkono kwenye faili la `.srt`, mistari isiyozidi miwili kwa mara moja. Wengi wanaangalia kwenye daladala bila sauti.

Video imegawanywa sura ili kila kundi liweze kuruka hadi shukrani zake. Muda wa kwanza lazima uwe 0:00, ziwe sura tatu au zaidi, na kila moja isipungue sekunde kumi. Bila hivyo hazionekani:

```
0:00 Kwa watazamaji
1:15 Kwa waliojitolea
2:30 Kwa viongozi wetu
```

Hapa chini ni maneno ya video kama yalivyotoka. Majina ya watu nimeyatoa kwenye shajara hii, nimeacha kazi zao.

> Habari zenu. Mmezoea kunisikia nikiuliza bei nyuma ya kamera. Leo nimepita mbele mara moja tu, niwashukuru.
>
> Nianze na wewe unayeangalia. Video yetu ya vichanja vya kuanikia dagaa tuliiona imekamilika. Mtazamaji mmoja wa Uvira akauliza: kichanja kina urefu gani kutoka chini? Hatukuwa tumepima. Tukarudi na futi kamba: ni mita moja, usawa wa kiuno cha mama anayegeuza dagaa. Mwingine wa Kalemie akauliza wavu wa juu una matundu makubwa kiasi gani, tukaweka shilingi juu ya wavu ili aone. Video ya pili ya vichanja ni maswali yenu matupu. Wapo waliotuandikia kwamba wamejenga vyao, na mmoja alituma picha ya kichanja kilichoanguka, akauliza kosa liko wapi. Miguu ilikuwa haijafungwa mishazari. Na hilo tulilionyesha kwa sababu yako. Asante.
>
> Nije kwa waliojitolea. Nahodha, ulitupakia usiku kwenye boti ya kazi, ukatuambia tukae wapi ili tusizuie nyavu, na hukudai petroli. Mama wa duka, betri zetu zote zimelala kwenye sola yako, na siku ya mawingu ulizima friji ya soda ili kamera ijae. Kijana wetu wa taa, ulisimama ndani ya maji mpaka magotini kwa sababu ndiko mwanga ulikokaa vizuri. Wewe uliyeandika maandishi ya chini ya video ukirudi shuleni, kuna mtazamaji asiyesikia aliyeandika kwamba sasa anatufuata kila wiki. Na wewe uliyeomba tusikutaje, hatujakutaja.
>
> Nimalizie kwa viongozi waliotuongoza. Kamati ya BMU, mlituruhusu kusimama kwenye mizani wakati wanunuzi walidhani sisi ni watu wa kodi, na mwenyekiti alisimama nasi mpaka wakazoea. Mwenyekiti wa mtaa uliyetangulia, barua yako ya utambulisho bado tunatembea nayo. Mwenyekiti wa sasa, kibanda chetu kilipovuja ulitupa ufunguo wa ofisi ya mtaa. Ofisi ya kata, mlitueleza ni nani tumwombe kibali kabla hatujakosea. Na mzee wetu wa redio, ulitukataza kuita video moja "maajabu ya ziwa", ukasema tuandike kilichomo. Tukaandika "Bei ya dagaa wiki hii". Hadi leo ndiyo inayoangaliwa zaidi.
>
> Wiki ijayo nitakuwa nyuma ya kamera kama kawaida. Mbalamwezi ikiisha boti zinatoka, na sisi tutakuwepo mizani itakapofunguliwa. Asanteni.

6 Septemba: Ukumbini

Hotuba ya ukumbini ilikwenda vizuri mpaka umeme ulipokatika kwenye shukrani za BMU. Tulikuwa na genereta ya kukodi, lakini ilikuwa imewekwa karibu na dirisha na mlio wake ukaingia kwenye spika. Mratibu aliacha maiki, akasogea mbele ya meza kuu, akaisoma kwa sauti yake. Watu walimsikia vizuri zaidi. Ukumbi wa watu mia hivi hauhitaji spika kama msomaji hakimbii maneno.

Mgeni mmoja hakuwa kwenye itifaki: ofisa uvuvi aliyefika bila taarifa. Mshereheshaji alimpitishia mratibu kikaratasi, akaingizwa baada ya mtendaji wa kata. Wekeni nafasi tupu kwenye ukurasa wa itifaki, na peni.

Watu wawili walikuja na kofia za vyama. Mzee mmoja aliwaomba wazivue, wakazivua.

Kilichokwama kweli ni zawadi za hati. Tulichapisha hati za shukrani kwa waliojitolea, na duka la uchapaji likaleta jina la nahodha limeandikwa vibaya. Tulikuwa tumekagua kwenye simu kabla ya kuchapa, lakini faili lililochapwa lilikuwa la zamani. Nahodha alipokea hati isiyo na jina, nafasi wazi, na mwanafunzi wetu akamwandikia pale pale kwa kalamu ya wino mweusi. Amesema ataiweka hivyo hivyo kwenye fremu.

Video ya shukrani ilitoka saa mbili usiku, kwa mpango wa watu kuangalia pamoja na kuandika maoni papo hapo. Wengi wa mwalo waliiangalia wakiwa ufukweni bado.

13 Septemba: Wiki moja baadaye

Takwimu za video ya shukrani zinaonyesha walioanza wengi wamefika dakika ya pili. Mteremko mkubwa uko kwenye sura ya tatu, kama tulivyotarajia, ila kuna kilima kidogo kwenye maneno ya mzee wa redio. Watu wanarudisha nyuma wasikie kuhusu "maajabu ya ziwa". Wametuandikia wakiomba orodha ya vichwa vingine alivyotukatalia. Kilima kingine kiko pale pa futi kamba.

Lalamiko moja limekuja, na ni la haki. Kundi la akina mama wa kuanika linasema limetajwa kwenye video nyingi lakini kwenye shukrani hakuna aliyelisemea. Tulikuwa tumewahesabu kama watu tunaowarekodi, wakati wao ndio waliotufundisha kugeuza dagaa ili wasivunjike, na walipoteza jua la asubuhi nzima kwa ajili yetu. Mratibu na dada wa kamera walikwenda kwao jana. Hawakutaka video nyingine ya kuomba radhi. Walitaka video ya bei zao za jumla, na namba ya kiongozi wao iwekwe chini kwa wanunuzi. Inarekodiwa Jumanne, na maneno yake yatawekwa na wao.

Gharama zote, kwa shilingi:

Genereta ya kukodi siku moja pamoja na mafuta, 45,000. Spika na maiki ambazo hatukuzihitaji, 60,000. Maiki ya kifuani, 35,000. Hati na fremu, 52,000, na duka limerudisha 6,000 kwa ile yenye kosa. Soda, maji na vitafunwa, 138,000, zilizochangwa na timu. Bando la kupandisha video, 10,000. Ukumbi bure, ila tuliahidi kufagia na tumefagia.

Tungefanya tena, spika tungeziacha na pesa zake tungewapa akina mama nauli ya kuja ukumbini.

Mafaili ya hotuba zote mbili, pamoja na ukurasa wa itifaki wenye nafasi tupu, yako kwenye folda ya timu. Anayetaka kuyaiga aombe kwa mratibu. Kinachosubiri sasa ni maandishi ya chini kwa Kirundi, ambayo mtazamaji mmoja wa Bujumbura amejitolea kuyaandika. Amesema hataki kutajwa mpaka amalize.